Deni la nyanya, na kadi ya benki iliyo mfukoni mwa mtu mwingine

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, nina mke na watoto wawili. Mshahara wangu wa msingi ni milioni moja, na baada ya makato yote napokea 634,000. Mwaka jana nilitaka kulima nyanya Mlali. Mke wangu, ambaye ni fundi cherehani, alikataa, akasema nyanya ni kamari. Nikaenda kimya kimya kwa mkopeshaji wa mtaani, nikachukua 1,500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Nyanya zangu ziliiva wakati kila mtu anavuna, bei ya tenga haikurudisha hata nauli ya kulifikisha sokoni.

Huu ni mwezi wa saba namlipa laki tatu za riba na deni liko palepale. Kadi yangu ya benki anayo yeye, na namba ya siri anaijua. Mshahara ukiingia anatoa chake kwanza. Tena nilisaini karatasi inayosema nimemuuzia nyumba tunayoishi nikishindwa kulipa. Mke wangu hakusaini na hajui. Nyumbani nilisema Bodi ya Mikopo imeongeza makato. Mwezi uliopita nikakopa 180,000 kwenye aplikesheni ya simu, sasa inasoma 250,000 na wananitishia kutuma ujumbe kwa namba zote zilizo kwenye simu yangu.

Nina akiba ya 700,000 kwenye SACCOS ya walimu, na pampu ya maji niliyonunua kwa ajili ya shamba. Nimemwandikia mke wangu barua ya kurasa nne. Inaanza hivi: "Mke wangu kipenzi, tangu siku ile nilipokuona kwenye harusi ya dada yako…" Mbele nimeandika, "shetani alinipitia, unisamehe kama nimekukosea." Mpango wangu ni kwamba Desemba kikoba chao kikivunjwa, mgao wake upunguze deni, kinachobaki nitajua. Nakutumia yote. Isome, uniambie kama inafaa.

Mwalimu, Morogoro

*

Marahaba, Mwalimu.

Barua nimeisoma mara mbili. Ina mapenzi mengi, ila kiasi cha deni kinatokea ukurasa wa tatu, chini kabisa, baada ya harusi ya dada yake, uzazi wa mtoto wa kwanza na ile safari ya Dodoma. Mke anayepewa kurasa nne za sifa na mume asiyeandika barua siku zote ataanza kutetemeka kwenye mstari wa pili. Atadhani una mwanamke mwingine, au unaumwa. Ukimfikisha ukurasa wa tatu umeshamchosha, na kila neno zuri ulilotanguliza litageuka kuwa chambo. Anza na deni. Mstari wa kwanza uwe na tarakimu.

Na hilo neno "kama" katika "unisamehe kama nimekukosea" lifute. Umekosea. Shetani naye mtoe humo, kwa sababu hakuwa na kadi ya benki ya kuweka rehani.

Kabla ya kuanza kazi hii ya kujibu barua za watu nilikuwa katibu wa kamati ya mikopo kwenye SACCOS moja kwa miaka kadhaa. Fomu yetu ilikuwa na sehemu ya mwenza kusaini. Siku moja mwanachama alikuja na mkewe, wamependeza, wametoka kanisani. Nikamsogezea mama fomu na kalamu. Akasoma, kidole chake kikasimama kwenye mstari wa "madhumuni ya mkopo", palipoandikwa kulipa deni lingine. Hakupiga kelele. Alirudisha kifuniko kwenye kalamu, akailaza juu ya fomu taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akainuka. Mumewe alibaki ananiangalia mimi. Ndiyo maana nakwambia: fomu ya SACCOS isimfikie mkeo kabla ya barua.

Sasa nije kwenye mpango, maana hapo ndipo barua yako inapopwaya zaidi. Mgao wa kikoba ni hela yake. Ameinama juu ya cherehani mwaka mzima akiiweka kidogo kidogo, na ni yeye aliyekuambia nyanya ni kamari. Barua inayokiri kosa na papo hapo kunyoosha mkono kwenye pochi ya aliyekosewa ni ombi la mkopo wa tatu. Ifute hiyo aya yote. Akitaka mwenyewe kutoa, atasema, na hata hapo ningekushauri ukatae la kwanza.

Halafu "kinachobaki nitajua" si mpango. Hebu tukae na hesabu, kwa sababu nadhani hata wewe hujawahi kukaa nayo.

Umelipa laki tatu mara saba, yaani 2,100,000, kwa deni la 1,500,000 ambalo halijapungua hata shilingi. Huo ndio mtego wa hii mikopo watu wanayoiita kausha damu: hakuna anayekukataza kupunguza deni lenyewe, ila riba imepangwa iwe kubwa kiasi kwamba ukishaitoa hubaki na kitu cha kupunguzia. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, ambao ndio hawa wasiopokea amana. Nimepiga hesabu ya mkopo wako kwa kiwango hicho, riba ikihesabiwa juu ya salio linalopungua. Mwezi wa kwanza riba ingekuwa 52,500, na 247,500 zilizobaki kwenye laki tatu yako zingekata deni. Mwezi wa pili riba ingeshuka hadi kama 43,800. Ukiendelea kulipa laki tatu hiyohiyo, mwezi wa sita ungemalizia na kama 179,000 tu, mkapeana mikono. Wewe uko mwezi wa saba na deni zima.

Hesabu hiyo usiende nayo mahakamani kesho asubuhi. Nenda nayo kwa mkopeshaji ukiwa umetulia, na umwombe kwanza akuonyeshe leseni. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, kukopesha kama biashara bila leseni ni kosa, na anayeendesha mambo yake kwa kadi za watu ndani ya droo hapendi kuulizwa swali hilo mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Unachotaka kwake ni kidogo: akubali kwa maandishi kwamba kilichobaki ni 1,500,000 tu, na kwamba ukilipa yote kwa mkupuo riba ya mwezi huo haihesabiwi. Wengi hukubali, maana fedha ya mkononi ni tamu kuliko mdaiwa aliyeanza kuuliza maswali. Asipokubali, peleka malalamiko Benki Kuu ukiwa na nakala za kila ulichosaini. Taarifa ya akaunti yako itaonyesha laki tatu zikitoka kila mwezi.

Ile karatasi ya nyumba ndiyo iliyonikosesha usingizi. Wakopeshaji wa mtaani hupenda kuandika "hati ya mauziano" badala ya rehani, ili siku ukikwama waje kama wanunuzi wanaodai mali yao. Lakini kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza mume au mke kuuza, kugawa au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo sahihi ambayo mkeo hajaitia ndiyo ngao yenu pekee kwa sasa, na yeye hajui kwamba ameishika. Mkopeshaji anajua. Siku moja atamfuata kwenye cherehani, wewe ukiwa darasani, atamwambia "mama, saini hapa tu, mzee ameshasaini, ni utaratibu." Asiyejua kitu husaini. Ukiniuliza kwa nini barua isisubiri mpaka likizo, jibu ni hilo.

Lile deni la simu ni dogo lakini ndilo lenye mdomo. Ulipoipakua hiyo aplikesheni uliiruhusu isome majina yote ya simu yako, na jina la mkeo bila shaka liko juu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na aplikesheni 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni, kwa hiyo angalia kama yako imo. Kama imo, usiikope tena hata iwe kwa kulipia deni lake yenyewe. Piga picha za skrini za kila ujumbe wa vitisho, kwani kusambaza madeni ya mtu kwa jamaa zake kunagongana na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Hata hivyo sheria haitauwahi ujumbe. Mkeo ayapate maneno haya kutoka kwako kabla hayajamfikia na herufi kubwa na matusi.

Sasa pa kupumulia. Una akiba ya 700,000 SACCOS. SACCOS nyingi hukopesha hadi mara tatu ya akiba, hivyo dari lako ni kama 2,100,000. Usiikimbilie yote. Unahitaji 1,500,000 za mkopeshaji na 250,000 za simu, na kidogo cha ada ya fomu na bima, tuseme 1,800,000. Kama riba yao ni asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, kwa miezi 12 rejesho lako ni kama 165,000 kwa mwezi, na riba yote ya mwaka ni kama 180,000. Kwa mkopeshaji wako 180,000 ni riba ya siku kumi na nane. Ila uliza swali moja kabla ya kusaini: riba inapigwa juu ya salio, au juu ya mkopo wote mwanzo hadi mwisho? Ikiwa ni ya pili, asilimia hiyohiyo 1.5 inakupeleka 177,000 kwa mwezi. Si mwisho wa dunia, ila ndiyo namba utakayomwandikia mkeo, na ni lazima iwe ya kweli.

Mwajiri hatakukwamisha. Mtumishi wa umma anatakiwa abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi, kwako ni kama 333,000, na baada ya rejesho utabaki na 469,000. Leo, akishatoa chake mkopeshaji, nyumbani kwako zinafika 334,000. Maana yake mwezi wa kwanza tu wa mpango huu nyumba inapata 135,000 zaidi. Nenda kesho kwa katibu wa SACCOS uulize mambo mawili: kamati ya mikopo inakaa tarehe ngapi, na wadhamini wangapi wanahitajika. Ikikaa baada ya tarehe ya mshahara, utalipa laki tatu moja zaidi, ya nane. Iandike hiyo nayo kwenye barua. Kwa wadhamini usimchukue shemeji yako.

Hii ndiyo barua ambayo mimi ningempa. Inakili kwa mkono wako, ubadilishe pasipofanana na wewe, lakini tarakimu usiziguse isipokuwa uwe umezihakiki.

*

Mke wangu,

Nina madeni mawili usiyoyajua. Moja ni 1,500,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, la pili ni 250,000 kwenye simu. Jumla ni 1,750,000. Hakuna la tatu. Nimekaa siku mbili nikijiuliza kama kuna la tatu kabla ya kuandika sentensi hiyo.

Milioni moja na nusu nilizichukua kwa ajili ya nyanya za Mlali. Ulisema nisilime, nikakubali mbele yako, nikalima nyuma yako. Zile Jumamosi nilizosema nasahihisha mitihani nilikuwa shamba. Nyanya ziliiva bei ikiwa imeanguka, nikawaachia wabebaji matenga kumi na moja kwa sababu sikuwa na nauli ya kuyafikisha mjini.

Bodi ya Mikopo haikuongeza makato. Nilidanganya. Laki tatu zinazopungua kila mwezi ni riba ninayomlipa mkopeshaji, na hii ni mara ya saba. Kadi yangu ya benki anayo yeye. Ulipouliza nikasema imemezwa na mashine, nilidanganya hapo pia. Ulipouza ile kitenge yako mpya ili mtoto apate viatu vya shule, nilikuwa najua kwa nini hela haikutosha, nikanyamaza.

Kuna jambo zito kuliko deni. Nilisaini karatasi inayosema nimemuuzia huyo mtu nyumba yetu nikishindwa kulipa. Wewe hukusaini, na kwa sheria nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa yako. Mtu yeyote akija dukani kwako na karatasi, hata akisema nimemtuma mimi, usisaini. Usimpe hata namba ya kitambulisho.

Ndani ya bahasha hii nimeweka slipu zangu za mshahara za miezi saba, taarifa ya benki, nakala ya mkataba wa mkopo, nakala ya hiyo karatasi ya nyumba na picha za skrini za deni la simu. Usiniamini mimi, angalia karatasi. Kama namba yoyote humu haifanani na karatasi, niulize mbele ya yeyote unayemtaka.

Ninachopendekeza ni hiki. Niombe SACCOS ya walimu mkopo wa 1,800,000, nilipe kwa miezi 12, kama 165,000 kwa mwezi, ikatwe kwenye mshahara kabla haijanifikia. Siku fedha ikitoka, deni la simu linalipwa asubuhi na la mkopeshaji linalipwa mchana, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Anarudisha kadi na karatasi halisi ya nyumba, na anaandika kwamba hanidai. Hapo kwenye mshahara zitabaki 469,000 badala ya 334,000 za sasa. Kamati inakaa tarehe (iandike hapa), na ikichelewa mshahara nitalipa riba mara moja zaidi. Sitaki uje ulijue hilo baadaye.

Pampu ya maji nauza. Fedha yake haiendi kwenye deni. Ninaomba ukae nayo wewe kwa ajili ya sare na madaftari ya Januari, kwa sababu najijua, Januari ikinikuta mikono mitupu nitakopa tena. Line niliyokopea na hiyo aplikesheni vitafutwa siku deni la simu likiisha, ukiwa unaona.

Kikoba chako sitakigusa, wala sitaomba.

SACCOS wanataka mwenza asaini fomu. Sijaijaza. Ukisema tusubiri, nitasubiri. Ukiwa na njia nyingine, nitaisikiliza, na ukitaka kwanza tumuite kaka yako au mchungaji, nitakuja. Kuanzia mwezi huu, siku mshahara ukiingia tutafungua taarifa ya benki pamoja, mpaka siku utakayoniambia umechoka kuitazama.

Samahani kwa kukudanganya miezi saba. Sikuombi unijibu leo.

Mume wako

*

Utaona haina harusi. Ile ya harusi mwambie kwa mdomo, mwezi mwingine.

Mambo kadhaa kuhusu kuikabidhi. Usiitume kwa Watsapu, kwa sababu kitu kikiwa kwenye simu kina miguu, na jioni utakikuta kwa shangazi zake wa Kilosa. Usiiache mezani ukatoroka kwenda kibandani kutazama mpira. Mpe mkononi watoto wakiwa wamelala au wameenda kwa bibi yao, mwambie, "humu kuna deni, soma, mimi nipo hapo nje." Kaa nje kweli, kibarazani. Asome akiwa peke yake, maana mbele yako atalazimika kupanga uso. Akikuita, ingia. Asipokuita mpaka asubuhi, usigonge.

Swali la kwanza atakalouliza huenda lisihusu hela. Niliowaona wakipitia haya waliuliza, "nani mwingine anajua?" Kama umemwambia mwalimu mwenzako, au kaka yako, sema. Kinachouma ni kugundua kwamba yeye ndiye alikuwa wa mwisho. Nami niongeze kwenye orodha hiyo, mwambie ulimwandikia mtu wa ukurasa wa ushauri.

Swali la pili litakuwa kama kuna deni lingine. Hapo ndipo wanaume wengi huharibu. Husema kubwa, huficha kale kadogo: ya duka la pembejeo, ya dereva aliyebeba mbolea, elfu ishirini za mama wa chai pale shuleni. Kadogo hako kakija kujitokeza mwezi wa tatu, kanaifuta barua nzima. Kabla hujainakili, pita kwenye ujumbe wako wa simu tangu mwezi ulipopanda zile nyanya, mmoja mmoja, uone nani ulimwambia "nipe wiki mbili". Kama jumla itabadilika, badilisha mstari wa kwanza, na kiasi cha mkopo wa SACCOS kibadilike nacho.

Anaweza kukataa SACCOS kabisa, akasema hataki kusikia neno mkopo ndani ya nyumba yake. Ana haki. Njia iliyobaki ni ngumu zaidi lakini ipo. Pampu iuzwe na fedha yake yote iende kwa mkopeshaji, ikiandikwa kwenye risiti kwamba inapunguza deni na wala si riba, halafu mtumie ile hesabu ya asilimia 3.5 kudai masharti mapya. Akiba yako ya SACCOS unaweza kuitoa ukijiuzulu uanachama, ila kuna muda wa taarifa, na kwa wakati huo riba inakula. Mweleze mara moja, usimsukume.

Siku ya kulipa, nenda na watu wawili pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Hela isitoke mfukoni kabla karatasi halisi ya nyumba haijawekwa mezani. Nakala haina kazi, unataka ile yenye wino wa kalamu yako. Mkopeshaji akisema karatasi iko kwa mwanasheria wake, mwambie utasubiri, na usubiri kweli, hata kama jua linazama. Ukishaipata, iandikeni juu yake kwamba imefutwa, wote mtie sahihi, mkeo aihifadhi. Kutoka hapo pitia benki na kitambulisho chako cha Taifa, uombe kadi mpya na namba mpya ya siri, kwa sababu kadi aliyokurudishia imepita mikono ambayo huijui. Usifanye hivyo kabla ya siku hiyo. Ukimnyima kadi leo huku karatasi ya nyumba ikiwa kwake, atakuja nyumbani kwako usiku, na barua yako itakuwa imesomwa na mtu mwingine kwa sauti.

Hiyo pampu ipige picha leo mchana kukiwa na mwanga, namba ya injini ionekane, na udongo wa Mlali uuoshe kwanza.

Shangazi